Du au Sie? Meseji ya shangazi kwa jirani wa Bremen

*Shangazi yangu yupo Bremen kwa bintiye na Kijerumani hajui. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja mstaafu, huwa anampokelea mizigo ya posta. Shangazi ananiandikia kwa Kiswahili, mimi nageuza, yeye anamtumia jirani. Ya leo ni hii: "Habari za leo mama. Asante sana kwa kunipokelea mzigo. Kama utakuwepo jioni nitapita kuuchukua. Na siku moja karibu kwetu chai." Niandike du au Sie? Meseji iliyotangulia aliiandika binamu yangu kwa simu ya shangazi kabla hajasafiri, mimi sijaiona. Jirani alijibu hivi tu: "Gerne! Bin ab 18 Uhr da. LG Heike". Amemzidi shangazi umri. Na hilo neno "mama" nilifanyeje?*
*Msomaji, Tanga*

Kwa jibu hilo la Heike, meseji yako inaelekea kwenye du, ile "wewe" ya waliozoeana, si Sie, "wewe" ya heshima. Lakini usiitume kabla hujampata binamu yako akurushie ile aliyoiandika yeye, kwa sababu jibu fupi namna hiyo halisomeki vizuri bila kuona lilikuwa linajibu nini. Matini zote nitakupa: ya du, ya Sie, na moja isiyo na hii wala ile. Kwanza nikuonyeshe nimefikaje hapo, maana shangazi atakuletea nyingine kesho kutwa, na safari hiyo jirani huenda si Heike.

Kilichokukwamisha ni kutafuta jibu ndani ya sentensi ya Kiswahili, na humo halimo. Hiyo "utakuwepo" shangazi angeweza kumwambia mjukuu wake, muuza maziwa au mkuu wa wilaya, na kitenzi kisingebadilika hata herufi moja. Sisi heshima tunaiweka nje ya kitenzi: katika shikamoo, katika "mama" na "mzee", katika "naomba" inayotangulia ombi. Mjerumani anaiweka ndani ya kitenzi na kiwakilishi, kwa hiyo hawezi kumuuliza mtu "utakuwepo?" bila kuonyesha papo hapo kwamba wamezoeana au hawajazoeana. Swali la kujiuliza, basi, ni hawa wawili wamefika wapi mpaka leo. Maneno ya shangazi hayakuambii hilo. Utaambiwa na simu yake, kwenye meseji zilizotangulia, na na shangazi mwenyewe ukimuuliza wakikutana kwenye ngazi huwa wanasalimianaje.

Sasa tulisome jibu la Heike taratibu, maana lina habari nyingi kuliko urefu wake.

"Gerne" ni "bila shaka, kwa furaha", na haina upande. "Bin ab 18 Uhr da" ni "nipo kuanzia saa kumi na mbili jioni", na ich, yaani "mimi", ameiacha, jambo la kawaida kwenye meseji za Wajerumani. Angalia kwamba mpaka hapo hajamtaja shangazi popote. Hakuna dir, "kwako" ya du, wala Ihnen, "kwako" ya Sie. Inawezekana ni haraka tu. Inawezekana pia na yeye yupo kwenye shaka uliyo nayo wewe, akaamua kupita katikati. Wajerumani wenyewe hufanya hivyo kila siku wasipokuwa na uhakika, kwa hiyo usidhani ni tatizo la wageni peke yao.

"LG" ni kifupi cha Liebe Grüße, salamu za upendo ukiitafsiri neno kwa neno, ingawa leo ni salamu ya kawaida kwa mtu unayemchangamkia. Peke yake haitoshi kuamua, kwani wako wanaoandika Liebe Grüße huku wakiendelea na Sie. Ushahidi wenyewe ni neno la mwisho. Ametia saini "Heike", jina lake la kwanza, tupu. Mtu anayetaka kubaki kwenye Sie huandika "H. Schmidt", au "Heike Schmidt", au "Ihre Nachbarin Frau Schmidt". (Schmidt nimeliweka mimi kwa mfano.) Mwanamke mstaafu anayemwandikia jirani mdogo kwake kiumri na kusaini jina la kwanza pekee anajua anachofanya. Kwa mila ya Wajerumani, anayetoa ruhusa ya du ni mkubwa kumpa mdogo; kazini ni mwenye cheo kumpa wa chini, hata kama wa chini ndiye mkubwa kwa miaka. Heike ndiye mkubwa hapa, kwa hiyo ruhusa ilikuwa yake, na kwa saini hiyo ameitoa nusu.

Nasema nusu kwa sababu ya meseji ya binamu yako. Kama aliandika kwa Sie na kumalizia na jina kamili la shangazi, halafu Heike akajibu kwa jina la kwanza, basi ameshuka ngazi makusudi na anasubiri mwenzake ashuke naye. Andika du bila wasiwasi. Kama binamu aliandika du, na Heike akajibu kwa uchangamfu huo, mambo yamekwisha. Katika simu ya shangazi tayari ni du, na kurudi kwenye Sie sasa kungesomeka kama shangazi amenuna. Ila muulize binamu alijitambulisha kama nani. Kama yeye mwenyewe alishazoeana na Heike na aliandika kwa jina lake, akitumia tu simu ya mama yake, du hiyo ni ya wao wawili. Hairithiwi na familia nzima. Wapo majirani Wajerumani ambao kwa mke ni du na kwa mume ni Sie kwa miaka, na hakuna anayeona ajabu.

Hii hapa matini ya du. Jina la Zuhura nimelibuni, weka la shangazi:

"Hallo Heike, vielen Dank, dass du mein Paket angenommen hast! Wenn du heute Abend da bist, komme ich kurz vorbei und hole es ab. Und komm doch mal auf einen Tee zu uns! Liebe Grüße, Zuhura"

Na hii ya Sie, ambayo ungeitumia kama saini ingekuwa "H. Schmidt":

"Guten Tag, Frau Schmidt, vielen Dank, dass Sie mein Paket angenommen haben! Wenn Sie heute Abend da sind, komme ich kurz vorbei und hole es ab. Und kommen Sie doch mal auf einen Tee zu uns! Viele Grüße, Zuhura Salim"

Ziweke moja juu ya nyingine uone ni wapi zimetofautiana. Si viwakilishi tu. Salamu ya kwanza imebadilika, jina limebadilika kutoka la kwanza kwenda la ukoo, hast imekuwa haben, bist imekuwa sind, komm imekuwa kommen Sie, na hata saini ya shangazi mwenyewe imebidi ivae jina la pili. Ukichagua upande, unauchagua kwa meseji nzima, tangu salamu mpaka jina la mwisho. Makosa mengi ninayoyaona kwa wanafunzi hayako kwenye uchaguzi wenyewe. Mtu anachagua vizuri kwenye sentensi ya kwanza, halafu kufika ya tatu amesahau, anaandika "Wenn Sie heute Abend da sind, hole ich es bei dir ab". Kwenye barua ndefu msomaji angeteleza nalo. Kwenye meseji ya mistari mitatu linaonekana kabla hajamaliza kusoma, na Heike atabaki anajiuliza kama shangazi anamheshimu au anamzoea. Kwa hiyo ukimaliza kuandika, rudi ukisoma kwa kutafuta kitu kimoja tu: kila mahali panapomgusa mwenzako. Kwanza viwakilishi, kisha mwisho wa kila kitenzi, kisha salamu mbili za juu na chini.

Kuna sehemu tatu za matini ya Sie zinazowatega hasa watu wanaotoka kwenye Kiswahili.

Ya kwanza ni herufi kubwa. Sie ya heshima, pamoja na Ihnen na Ihr zake, huanza kwa herufi kubwa popote ilipo kwenye sentensi. Ukiandika sie kwa herufi ndogo umesema "yeye wa kike" au "wao". Ukichukua sentensi yetu na kuandika "dass sie mein Paket angenommen haben", umemshukuru Heike kwa kuwa watu fulani wengine wamepokea mzigo. Mbaya zaidi ni Ihr: "Ist das Ihr Paket?" ni "huu ni mzigo wako?", ila "Ist das ihr Paket?" ni "huu ni mzigo wake yule mama?" au "wao". Simu haitakuokoa, kwa sababu maneno yote mawili yapo kwenye kamusi yake na yote ni sahihi. Du, kinyume chake, huandikwa kwa herufi ndogo. Kwenye barua na meseji unaruhusiwa kuandika Du kubwa kama alama ya adabu, na watu wa umri wa Heike wengi walisomeshwa hivyo, lakini si lazima. Sheria ya tahajia ya 1996 iliiondoa herufi kubwa hiyo kabisa, marekebisho ya 2006 yakairudisha kwa hiari ndani ya barua. Ukiona Heike anaandika Du kubwa, muige. Asipoandika, acha ndogo.

Ya pili ni jina. Kwetu "Mama Heike" au "Bi Heike" ni adabu tosha, na mkono unataka kuandika "Frau Heike". Usiandike. Frau hufuatwa na jina la ukoo pekee, na "Frau Heike" kwa Mjerumani inachekesha kidogo, kama mtu wa kwenye hadithi za watoto. Kwa hiyo ukichagua Sie, unalihitaji jina la ukoo, na shangazi huenda halijui. Aangalie kengele ya mlango wa chini: majina yanayobandikwa pale kwa kawaida ni ya ukoo. Au aangalie kadi aliyoacha mtu wa posta kwenye sanduku la barua, ile inayosema mzigo umeachwa kwa jirani gani. Jina lililoandikwa pale huwa ni hilo hilo.

Ya tatu ni amri. "Kommen Sie" haiwezi kupunguzwa ikabaki "kommen". Sisi "karibu" inajitosheleza, wao katika upande wa Sie kiwakilishi lazima kibaki. Ukikiondoa unapata lugha ya vibao, kama kile cha mlangoni kinachosema "Bitte klingeln", bonyeza kengele. Na usiache hayo maneno mawili madogo, doch mal. "Kommen Sie auf einen Tee zu uns!" bila hayo ni kama agizo la ofisini. Doch mal ndiyo inayobeba ile "siku moja" ya shangazi na upole wake.

Sasa "mama". Kwenye matini zote mbili halipo, na umeliona. Usiliandike kama Mama, kwa sababu Mama kwa Mjerumani ni mama yake mzazi tu. Mtu mzima akimwita jirani hivyo, jirani ataangalia nyuma kuona nani anaitwa. Kwenye upande wa Sie, kazi ya neno hilo imeshafanywa na Frau Schmidt na Sie zenyewe, hakuna kilichopotea. Kwenye upande wa du limepotea kweli, na najua hilo litakuuma, kwani sisi hatumwiti mtu aliyetuzidi umri kwa jina lake kavu. Mweleze shangazi mapema kwamba "Hallo Heike" si utovu wa adabu pale. Heike ndiye aliyetaka aitwe hivyo, na kumkatalia ndiko kutakakoonekana kama kumweka mbali. Kama shangazi anataka joto lake lionekane, lipeleke kwenye shukrani: baada ya sentensi ya kwanza ongeza "Das war sehr lieb von dir", ulifanya jambo la upendo sana. Inafika mahali ambapo "mama" ingefika.

Tuje kwenye matini ya tatu. Tuseme binamu hapatikani, mzigo uko chini, na shangazi anakupigia kila nusu saa. Hapo andika hivi:

"Hallo, vielen Dank fürs Annehmen! Passt es heute ab 18 Uhr, wenn ich das Paket abhole? Liebe Grüße, Zuhura"

Tafuta "wewe" humo, haimo. Shukrani imefanywa kwa jina la tendo badala ya kitenzi: shukrani kwa kupokea, si kwa kuwa wewe umepokea. Swali limeulizwa kwa "inafaa?" badala ya "utakuwepo?". Salamu ni Hallo bila jina, na kwa majirani wa jengo moja hiyo inakubalika siku hizi hata kwa mtu wa Sie. Saini ni jina la kwanza pekee, na hii nimeiweka makusudi, kwa sababu Heike ametia la kwanza na shangazi anamrudishia la kwanza. Bila kuandika du hata mara moja, shangazi amemwambia kwamba ameiona saini yake na ameikubali. Jibu litakalorudi huenda likawa na du ndani yake, na likiwa nayo huna cha kuuliza tena.

Nimeitoa chai makusudi. Mwaliko ndicho kitu kimoja kwenye meseji hii kisichovumilia kukosa mtu. Unaweza kuulazimisha, ukaandika kitu kama "kikombe cha chai kipo kwetu wakati wowote", na kisarufi kitasimama, lakini anayeusoma hajui kama ameitwa yeye au ni tangazo. Njia hii ya katikati inafaa kwa jambo moja au mawili ya kiutendaji, saa, mahali, asante. Ukiitumia meseji tatu mfululizo Mjerumani ataigundua, maana anaijua, na itaanza kunuka ubaridi. Basi chai mwache shangazi aitamke mwenyewe mlangoni akienda kuchukua mzigo. "Tee? Bei uns?" kwa tabasamu itamtosha, na pale ndipo Heike anaweza kumalizia ile nusu iliyobaki. Wajerumani wengine hawasemi "tuitane du" waziwazi. Wanasema "Ich bin die Heike", mimi ni Heike, na hiyo kwao ndiyo ruhusa yenyewe. Mfundishe shangazi ajibu "Gern, ich bin Zuhura". Asijibu kwa jina la ukoo, kwa maana atakuwa amekataa bila kujua.

Kuhusu saa, kwenye matini hii ya tatu nimeandika ab 18 Uhr na sikuandika "jioni" kwa sababu jioni yetu na Abend yao hazikai mahali pamoja. Kwako jioni inaanza saa kumi. Kwa Mjerumani saa kumi bado ni Nachmittag, alasiri, na akiona heute Abend atamngoja shangazi kuanzia kumi na mbili hivi. Shangazi akiteremka saa kumi na moja atakuta mlango umefungwa. Mwisho wake pia uangalie, kwani kumgongea jirani baada ya saa mbili usiku kwa ajili ya kifurushi hakupendezi sana.

Sasa vipi kama hakuna ushahidi wowote, mtu ni mpya na ndiyo meseji ya kwanza? Mtu mzima usiyemjua, mwandikie kwa Sie. Sababu si kwamba Sie ni nzuri zaidi. Ni kwamba njia hii ina mwelekeo mmoja. Kutoka Sie kwenda du watu huvuka kwa furaha na mara nyingi kwa kinywaji mkononi. Kutoka du kurudi Sie ni kutangaza kwamba jambo limeharibika kati yenu. Ukianza juu unaweza kuteremka, ila ukianza chini hupandi tena bila kumjeruhi mtu. Basi daktari, mwenye nyumba, mwalimu wa mtoto, fundi wa bomba, ofisi yoyote, wote ni Sie, hata kama fundi ni kijana wa miaka ishirini.

Lakini ziko sehemu ambazo Sie ndiyo inayokosea, na Mswahili mwenye adabu huingia mtegoni humo kwa wema wake. Wanafunzi wa chuo kwa chuo ni du, tangu wanafunzi wa miaka ya 1968 waiache Sie kati yao. Watu wa klabu moja ya michezo ni du. Wazazi wenye watoto kwenye chekechea moja kwa kawaida ni du, na meseji ya kundi lao huandikwa kwa ihr, ambayo ni du ya watu wengi. Watoto wote ni du. Ukimwandikia binti wa miaka kumi na miwili kwa Sie atadhani unamtania. Binamu yako, akiwa na mtoto chekechea, huenda siku moja akakuletea meseji ya kundi ambamo mwalimu pia yumo. Hapo kuna ihr kwa wazazi na pengine Sie kwa mwalimu ndani ya kundi moja, na Wajerumani wengi hukwepa kwa Hallo zusammen, halo nyote.

Ihr itakufaa kwa Heike pia, kama ana mume. Shangazi akisema "karibuni chai", na mko kwenye du, ni "Kommt doch mal auf einen Tee zu uns!". Kwenye Sie haibadiliki kitu, "Kommen Sie" ni ya mmoja na ni ya wengi. Kwa hiyo muulize shangazi kama amekusudia karibu au karibuni, maana Kijerumani cha du kitakuuliza hilo hata kama Kiswahili chake hakikusema wazi.

Kuna njia moja ya katikati utakayoisikia ikasemwa ni nzuri: jina la kwanza pamoja na Sie, "Heike, haben Sie…". Ipo kweli, Wajerumani huiita Sie ya Hamburg, na Bremen si mbali na huko. Kwa sikio la Kiswahili inavutia sana kwa sababu inafanana na Bi Heike yetu: jina la karibu, heshima ya mbali. Siipendekezi hapa. Inatumika zaidi kutoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini, mwalimu kwa mwanafunzi mkubwa wa sekondari au mkuu kwa msaidizi wake. Shangazi akiituma kwa mtu aliyemzidi umri, na ambaye amekwisha kusaini Heike, inageuza ngazi juu chini.

Kwa wasomaji wa Bukavu, Bujumbura au walio Ufaransa wanaofanya kazi hii hii kwa Kifaransa, njia ya kusoma ushahidi ni ile ile, ila kuna mahali Kifaransa kinakuumbua mapema zaidi. "Tafadhali" yao ina kiwakilishi ndani yake: s'il te plaît au s'il vous plaît, na kwenye meseji stp au svp. Watu hubadilisha vitenzi vyote kwenda vous, Sie yao, halafu wanasahau stp mwishoni. Upande wa nafuu ni kwamba shukrani yao haihitaji mtu kabisa, "Merci d'avoir pris mon colis" inafaa kwa jirani yeyote.

Turudi kwako. Kama binamu ameonekana, na du haikuwa ya kwake na Heike peke yao, tuma ya du pamoja na chai yake. Kama hajaonekana, tuma ile ya katikati. Jibu la Heike likija na "Bis später! Hast du Zeit für einen Kaffee?", basi amemaliza yeye mwenyewe, na meseji zote za shangazi kuanzia leo ni du. Likija na "Ja, kommen Sie gern", usishtuke wala usiombe radhi, hakuna lililoharibika. Jina la kwanza lilikuwa uchangamfu tu, na meseji inayofuata unaianza kwa Frau na jina lililo kwenye kengele ya mlango.